Kisiwa cha Uthabiti na Nyutroni Tisa Zinazokosekana

Mwaka 1996, katika maabara ya GSI mjini Darmstadt, Ujerumani, wanafizikia walitengeneza elementi ya 112, ambayo leo inaitwa kopernisi. Kiini chake kilikuwa na protoni 112 na nyutroni 165, na nusu-uhai wake, yaani muda ambao nusu ya atomi za aina hiyo huwa zimeshavunjika, haukufika hata milisekunde moja. Miaka michache baadaye, mjini Dubna nchini Urusi, ilipatikana kopernisi nyingine. Protoni zake zilikuwa 112 vilevile, ila nyutroni zilikuwa 173. Hii nusu-uhai wake ni sekunde 30 hivi.

Nyutroni nane tu zimeongezeka, na uhai umerefuka makumi ya maelfu ya mara. Kwa aliyezoea kuambiwa kwamba kadiri kiini kinavyokuwa kizito ndivyo kinavyozidi kuwa dhaifu, hapa mambo yamekwenda kinyume: kiini kizito zaidi ndicho kilichodumu. Tofauti hiyo ndiyo ushahidi ulio wazi kuliko wote wa kile wanafizikia wanachokiita kisiwa cha uthabiti, yaani kundi la viini vizito mno vinavyotarajiwa kuishi muda mrefu kuliko majirani zao wote.

Swali kuhusu kisiwa hicho mara nyingi huulizwa kwa namna ya "kipo au hakipo". Swali hilo limepitwa na wakati. Ukingo wake tumeshaugusa. Linalobaki ni kwa nini hatufiki katikati, na jibu lake halimo katika ukubwa wa mashine bali katika hesabu ya nyutroni.

Kwa nini kiini kizito hupasuka

Ndani ya kiini kuna nguvu mbili zinazoshindana. Ya kwanza ni nguvu kali ya nyuklia inayoshikanisha protoni na nyutroni. Ni kubwa sana, lakini haifiki mbali: kila chembe huvutwa na zile inazogusana nazo tu. Ya pili ni msukumano wa umeme kati ya protoni na protoni, na huu hauchagui jirani. Kila protoni husukumana na protoni nyingine zote zilizomo kiinini, hata ile iliyo upande wa pili kabisa.

Matokeo yake yanaonekana kwa hesabu ndogo. Risasi ina protoni 82, kwa hiyo jozi za protoni zinazosukumana ni 3,321. Elementi ya 114 ina jozi 6,441, karibu maradufu. Lakini chembe za kuushikilia mwili mzima hazikuongezeka maradufu: kutoka risasi-208 hadi flerovi-289 ni nyongeza ya chini ya asilimia 40. Kila protoni mpya huleta ugomvi mwingi kuliko inavyoleta mshikamano. Nyutroni husaidia kwa sababu zinashikanisha bila kusukuma, na ndiyo maana viini vizito huhitaji nyutroni nyingi kwa kila protoni. Kalsiamu ya kawaida ina nyutroni 20 kwa protoni 20, lakini risasi-208 ina nyutroni 126 kwa protoni 82.

Mwaka 1939 Niels Bohr na John Wheeler waliichukua hali hii na kuichora kama tone la kimiminika. Ngozi ya tone hulivuta liwe duara, na umeme hulivuta lirefuke mpaka lijigawe. Kati ya hali ya duara na hali ya kugawanyika kuna kizuizi cha nishati ambacho kiini sharti kikipande kabla hakijapasuka. Kwa urani kizuizi hicho ni takriban MeV 6, na ndiyo sababu urani-238 bado ipo ardhini baada ya mabilioni ya miaka. Lakini kadiri protoni zinavyoongezeka, kizuizi cha tone hushuka. Tunapokaribia elementi ya 104 hivi, karibu hakuna kizuizi kinachobaki. Kama kiini kingekuwa tone tupu, jedwali la elementi lingekoma hapo, na yote yaliyo mbele yangepasuka kabla elektroni hazijapata nafasi ya kukizunguka kiini na kukifanya atomi.

Kilichobadilisha hesabu

Kiini si tone tupu. Protoni na nyutroni hujipanga katika ngazi za nishati, na ngazi hizo hukusanyika kwa mafungu, kama elektroni zinavyojipanga nje ya kiini. Fungu likijaa kabisa, kiini hukaza na kuwa imara kuliko tone linavyotabiri. Maria Goeppert Mayer na Hans Jensen walilieleza jambo hili mwaka 1949, na mwaka 1963 wakapata Tuzo ya Nobeli. Hesabu za chembe zinazojaza mafungu huitwa namba za ajabu: 2, 8, 20, 28, 50, 82, na kwa nyutroni pia 126. Risasi-208 ina protoni 82 na nyutroni 126, namba za ajabu pande zote mbili, na ni miongoni mwa viini vizito vilivyo imara kuliko vyote tunavyovijua.

Swali lililofuata lilikuwa la lazima: fungu linalofuata baada ya risasi litajaa wapi? Katikati ya miaka ya 1960, watafiti kama William Myers na Władysław Świątecki waliokuwa Berkeley, na Vilen Strutinsky aliyetafuta namna ya kuunganisha hesabu za tone na hesabu za mafungu, waliipa hoja hii msingi. Jibu lililotawala lilikuwa protoni 114 na nyutroni 184. Katika eneo hilo kizuizi cha mpasuko kingekuwapo tena, si kwa sababu ya tone, ambalo limeshakwisha nguvu, bali kwa sababu ya mpangilio wa mafungu peke yake. Kati ya viini vya kawaida na eneo hilo kungekuwa na bahari ya viini visivyodumu. Ndipo jina la kisiwa lilipoanzia.

Makadirio ya awali yalikuwa na matumaini makubwa. Baadhi yalitoa nusu-uhai wa mamilioni ya miaka na zaidi, jambo lililomaanisha kwamba elementi hizo huenda bado zimo ardhini tangu dunia ilipoumbwa. Watu wakazitafuta katika madini, katika vimondo na katika mawe ya zamani. Mwaka 1976 lilitolewa dai kwamba mika kutoka Madagaska ina alama za elementi ya 126, kwa sababu punje za monaziti ndani yake zilikuwa zimezungukwa na mabaka makubwa ya mnururisho, na zilipopigwa kwa protoni zilitoa mwale wenye nishati iliyotarajiwa. Baadaye ikabainika kwamba mwale huo ulitokana na seri, metali iliyojaa tele katika monaziti, iliyogeuzwa na protoni zilezile za kipimo. Hadi leo hakuna elementi ya kisiwa iliyothibitishwa katika jiwe lolote.

Mlango wa kinu umefungwa

Njia rahisi ya kuongeza nyutroni ni kuweka urani ndani ya kinu cha nyuklia na kuiacha inyonye nyutroni moja moja. Nyutroni haina umeme, kwa hiyo huingia kiinini bila kusukumwa. Zikishaingia za kutosha, mojawapo hugeuka protoni, na elementi inapanda namba moja. Plutoni, kuri, berkeli na kaliforni hupatikana hivyo. Hata mlipuko wa bomu la haidrojeni wa mwaka 1952 katika Bahari ya Pasifiki ulifanya kazi hiyo kwa kufumba na kufumbua: urani-238 ilinyonya hadi nyutroni 17 kwa mpigo, na katika masalia yake zikagunduliwa elementi mpya mbili, einsteini na fermi.

Lakini njia hii hukomea kwenye fermi. Fermi-257 huishi takriban siku mia moja. Ikinyonya nyutroni moja inakuwa fermi-258, na hii hupasuka ndani ya sehemu ya milisekunde. Haipati muda wa kugeuza nyutroni kuwa protoni na kupanda ngazi nyingine. Kinu hata kikifanya kazi miaka mia, ukuta huo hakiuvuki. Ndiyo sababu kila elementi iliyo juu ya fermi imetengenezwa kwa njia nyingine: kuchukua viini viwili na kuvigonganisha mpaka viungane.

Kugonganisha bila kuvunja

Mgongano una tatizo lake. Ili viini viwili vishinde msukumano wa umeme, sharti viende kasi; na vikiungana, nishati ya kasi hiyo hubaki ndani ya kiini kipya kama joto. Kiini cha moto hupasuka mara moja, isipokuwa kikifanikiwa kupoa kwa kutupa nyutroni. Mara nyingi hakifanikiwi.

Darmstadt walitafuta njia ya baridi. Walitumia shabaha za risasi na bismuthi, viini vilivyokaza sana, wakavipiga kwa kromi, chuma, nikeli na zinki. Kiini kilichoungana kilikuwa na joto dogo, kikatupa nyutroni moja tu. Kwa njia hiyo zilipatikana elementi za 107 hadi 112. Lakini kila protoni iliyoongezwa ilipunguza uwezekano wa kuungana, na kwa elementi ya 113 maabara ya RIKEN ya Japani ilifikia ukingoni. Kundi la Kosuke Morita lilipiga bismuthi kwa zinki na kupata atomi moja mwezi Julai 2004, ya pili Aprili 2005, na ya tatu Agosti 2012. Atomi tatu kwa miaka minane. Isitoshe, zote zilikuwa na nyutroni chache, kwa hiyo ziliishi kwa milisekunde tu.

Dubna, chini ya Yuri Oganessian, walichagua kinyume. Walikubali joto kubwa zaidi ili wapate nyutroni nyingi. Chombo chao kilikuwa kalsiamu-48, kiini chenye protoni 20 na nyutroni 28, namba za ajabu pande zote mbili. Kwa elementi nyepesi namna hiyo, hakuna kiini kingine kinachodumu chenye ziada ya nyutroni kama hiyo. Ni adimu: katika kalsiamu ya kawaida sehemu yake haifiki asilimia 0.2, na kuitenga ni kazi ya gharama kubwa. Shabaha zilikuwa elementi za vinuni, kuanzia urani hadi kaliforni, ambazo nazo zina nyutroni nyingi. Kwa mchanganyiko huo, pamoja na washirika wao kutoka Livermore na baadaye Oak Ridge huko Marekani, walipata elementi za 114 hadi 118.

Flerovi kwa karibu

Tuichukue elementi ya 114, maana ndiyo iliyotabiriwa kuwa kitovu. Shabaha ni plutoni-244, iliyopakwa juu ya karatasi ya metali kwa unene usiofika nusu miligramu kwa kila sentimita ya mraba. Kiasi hicho ni viini takriban trilioni milioni moja katika eneo la ukucha mmoja. Saiklotroni hurusha kalsiamu-48 kwa kasi inayokaribia sehemu ya kumi ya kasi ya mwanga. Kasi hiyo imepimwa: ikipungua kidogo viini havigusani, ikizidi kidogo kiini kipya kinapata joto la kukipasua.

Hata pale nishati ilipokaa sawasawa, katika kila kalsiamu trilioni laki moja zinazopita, ni moja hivi tu itakayoungana na plutoni na kubaki kiini kizima. Mashine nzuri hurusha chembe trilioni sita kwa sekunde, yaani trilioni laki tano kwa siku. Mavuno ya juu kabisa basi ni kama atomi tano kwa siku, na kifaa hukamata sehemu yake tu. Katika jaribio la kwanza la mwisho wa 1998, wiki kadhaa za kazi zilileta tukio moja.

Kiini kilichoungana kina protoni 114 na nyutroni 178. Kikitupa nyutroni tatu ili kipoe, kinabaki flerovi-289. Kinachomolewa kutoka kwenye shabaha kwa nguvu ya mgongano wenyewe, kinaingia katika kichujio cha sumaku kilichojazwa haidrojeni ya mgandamizo mdogo, ambamo mabilioni ya chembe zisizotakiwa hupotoshwa njia, na baada ya takriban mikrosekunde moja kinajikita kwenye bamba la silikoni. Bamba hurekodi mahali kilipotua na saa yake.

Kuanzia hapo kazi ni kusubiri mahali palepale. Baada ya sekunde kama mbili, kiini hutoa chembe ya alfa yenye MeV 9.8 na kuwa kopernisi-285. Baada ya nusu dakika hivi hutoka alfa nyingine, ya MeV 9.2 hivi, na kiini kinakuwa damstati-281. Sekunde kumi na kitu baadaye kunatokea kishindo cha MeV 200 hivi: kiini kimepasuka vipande viwili. Alfa, alfa, mpasuko, vyote katika nukta moja ya bamba na kwa mpangilio unaolingana na nadharia. Mnyororo huo ndio cheti cha kuzaliwa cha elementi nzito, kwa kuwa atomi yenyewe haijawahi kuonekana wala kupimwa kwa mzani. Ili kelele zisichanganywe na ukweli, alfa ya kwanza inayofaa ikitokea, mwale wa kalsiamu huzimwa mara moja na mnyororo uliobaki husubiriwa kwa utulivu.

Ushahidi wa namna hii ni rahisi kupotosha na rahisi kukosea. Tukio lile la 1998 lilionyesha kiini kilichoishi takriban sekunde 30 kabla ya alfa ya kwanza, na lilipotangazwa lilihesabiwa kuwa flerovi-289. Majaribio yaliyofuata yalitoa flerovi-289 ya sekunde mbili, tena na tena, na lile la kwanza halikurudi. Mwaka 1999 maabara ya Berkeley ilitangaza elementi ya 118 kwa kugonganisha kriptoni na risasi. Darmstadt na RIKEN zilirudia jaribio na hazikuona kitu. Berkeley yenyewe iliporudia haikuona kitu. Faili za awali zilipofunguliwa upya, minyororo iliyotangazwa haikuwamo, na uchunguzi ukahitimisha kwamba data zilibuniwa. Tangu hapo kanuni imekuwa moja: mnyororo mmoja ni habari, minyororo inayorudiwa na maabara nyingine ndiyo ugunduzi.

Hesabu isiyolingana

Sasa tuitazame flerovi-289 kwa macho ya kisiwa. Protoni ziko 114, kama ilivyotabiriwa. Nyutroni ni 175. Lengo ni 184. Zinakosekana tisa.

Upungufu huo haukutokana na uzembe. Umo ndani ya njia yenyewe. Viini vyepesi huwa na nyutroni chache kwa kila protoni kuliko viini vizito, kwa hiyo ukichukua viini viwili vyepesi ukaviunganisha, jumla yake daima itakuwa na nyutroni pungufu kwa kiini kizito unachokitaka. Kalsiamu-48 ina nyutroni 1.4 kwa kila protoni, plutoni-244 ina 1.6 hivi, lakini kitovu cha kisiwa kinataka zaidi ya 1.61. Kisha mgongano wenyewe unachoma nyutroni tatu au nne ili kiini kipoe. Tumetumia kiini chepesi chenye nyutroni nyingi kuliko vyote vinavyodumu, na plutoni nzito kuliko zote zinazodumu vya kutosha kufanywa shabaha, na bado hatufiki.

Kupanda juu hakusaidii. Ili kupata elementi ya 117, Oak Ridge walilazimika kutengeneza berkeli-249 kwa miezi mingi ndani ya kinu na kuisafisha kwa miezi mingine, wakapata miligramu 22 za kitu ambacho nusu yake hupotea ndani ya mwaka mmoja. Dubna waliipiga kwa siku 150 kuanzia mwaka 2009 na kupata atomi sita. Oganesoni, elementi ya 118, ilitokana na kaliforni, na nusu-uhai wake haufiki milisekunde moja. Zaidi ya kaliforni kuna einsteini, ambayo hupatikana kwa mikrogramu tu na haitoshi kuwa shabaha.

Kwa hiyo wanaotafuta elementi za 119 na 120 wamelazimika kuiacha kalsiamu. RIKEN hupiga kuri kwa vanadi-51. Berkeley mwaka 2024 walitangaza kwamba titani-50 ikipigwa kwenye plutoni-244 hutoa elementi ya 116, livermori: atomi mbili kwa siku 22 za mwale. Ni jaribio la kuonyesha kwamba titani inafaa kwa safari ya 120. Lakini ifahamike kwamba safari hiyo ni ya kuongeza protoni. Huenda ikaleta jina jipya katika jedwali bila kutusogeza hatua nyingi kuelekea nyutroni 184.

Njia za kupata nyutroni zenyewe zipo mbili kwenye karatasi. Ya kwanza ni kurusha viini vyenye nyutroni nyingi zaidi ya kalsiamu-48, ambavyo havidumu. Kalsiamu-54 ingefaa sana, lakini huishi sehemu ndogo ya sekunde, na mwale wake ni hafifu mno kuliko trilioni sita kwa sekunde. Kwa uwezekano wa moja katika trilioni laki moja, mwale hafifu ni sawa na kutokuwa na mwale. Ya pili ni kugonganisha viini viwili vizito sana, kama urani na kuri, si ili viungane bali ili kimoja kimwachie mwenzake mzigo wa protoni na nyutroni kadhaa vinapopitana. Hapo ziada ya nyutroni ipo ya kutosha. Tatizo ni kwamba vipande hutoka pande zote, vikiwa moto, na kukichuja kiini kimoja kinachotakiwa kutoka katika vumbi hilo ni kazi ambayo vichujio vya leo havikuundwa kuifanya.

Kisiwa kingemaanisha nini

Neno uthabiti limewapotosha wengi. Hakuna anayetarajia tena kiini cha milele. Makadirio ya sasa kwa kitovu cha kisiwa yametawanyika kuanzia dakika hadi miaka mingi, na baadhi yanaweka viini vinavyodumu kuliko vyote kwenye kopernisi zenye nyutroni karibu 180, si kwenye flerovi. Mpasuko ukizuiwa na mafungu, bado mtoko wa alfa unabaki, na huo ndio utakaoweka mpaka wa uhai.

Hata umbo la kisiwa lenyewe linajadiliwa. Nyutroni 184 zinakubalika katika hesabu nyingi. Protoni ndizo zenye utata: wengine wanasema 114, wengine 120, wengine 126. Mwaka 2021 kundi lililoongozwa na Chuo Kikuu cha Lund, likifanya kazi Darmstadt, lilifuatilia minyororo ya flerovi na mionzi yake kwa undani na halikuona ile dalili kali ya fungu lililofungwa kwenye 114. Nyutroni zinaonekana kubeba sehemu kubwa ya kazi. Flerovi-284, yenye nyutroni 170, hupasuka ndani ya milisekunde chache. Flerovi-289, yenye nyutroni tano zaidi, huishi sekunde mbili. Mteremko huo ndio unaoonyesha mwelekeo wa kitovu, na ndio utakaoamua nadharia ipi ibaki.

Mbali na kuamua kati ya nadharia, faida ya pili ya kisiwa ni ya kemia. Katika atomi yenye protoni 114, elektroni za ndani kabisa huenda kwa kasi inayozidi asilimia 80 ya kasi ya mwanga, na hali hiyo hubadilisha tabia ya atomi nzima. Kopernisi na flerovi zimeshapimwa kwa kupitisha atomi chache juu ya dhahabu baridi, nazo zimeonekana kushikana nayo kwa udhaifu kuliko inavyotarajiwa kwa ndugu zao walio juu katika jedwali. Vipimo hivyo huhitaji kiini kinachoishi angalau sehemu kubwa ya sekunde. Kiini cha saa au siku kingewapa wanakemia nafasi ya kuuliza maswali zaidi ya moja kwa atomi moja.

Yanayosemwa kuhusu nishati mpya au silaha hayasimami. Chukua dhana nzuri kuliko zote: tuseme flerovi-298, ile yenye nyutroni 184, ni ya kudumu kabisa, na tuseme tunaweza kuitengeneza kwa atomi tano kwa siku. Mikrogramu moja yake ni atomi trilioni elfu mbili. Kwa mwendo huo, kuikusanya kungechukua zaidi ya miaka trilioni moja, karibu mara themanini ya umri wa ulimwengu. Kinachotufunga si uhai mfupi wa viini peke yake. Ni uwezekano mdogo wa kuvitengeneza, na huo haubadiliki hata kiini kikidumu milele.

Ulimwengu wenyewe una vyanzo vikubwa vya nyutroni. Nyota za nyutroni zinapogongana, viini hunyonya nyutroni kwa wingi usiowezekana katika kinu chochote. Lakini huko nako viini vinapozidi uzito fulani hupasuka kabla ya kufika kisiwani, na vilivyofika sharti viwe na nusu-uhai wa angalau mamia ya mamilioni ya miaka ili visalie katika miamba yetu. Kutokuonekana kwao ardhini kunatueleza kwamba ama havikuundwa, au havikudumu kiasi hicho.

Basi mtu akisoma habari kwamba elementi ya 119 au 120 imepatikana, asiishie kwenye namba ya protoni. Atafute namba ya nyutroni. Ikiwa chini ya 180, jedwali limeongezeka elementi moja lakini kitovu cha kisiwa bado hakijafikiwa.